Viatu pea 38 tulivyopeleka kituo cha watoto vimeenda wapi? Na safari hii tubebe nini?

Chachandu_ya_Ilala
Wakuu habari zenu. Sisi ni watu tuliosoma pamoja, tuko 14, kila mwaka tunachanga tunaenda kuwaona watoto kwenye kituo kimoja nje kidogo ya Dar. Kituo kina watoto 38, mdogo kabisa ana miaka miwili na mkubwa yuko kidato cha tatu. Mwaka jana mwezi wa tatu tulipeleka viatu vyeusi vya shule, kila mtoto pea yake, tukawakabidhi mkononi mmoja mmoja, picha zikapigwa. Mwezi wa saba mwenzetu kapita pale kwa mambo yake akakuta karibu nusu yao wanaenda shule na ndala. Sasa kikundi kimepasuka, kuna wanaosema mlezi kauza na tusirudi tena, kuna wanaosema tubadilishe tu tunachopeleka. Mwezi ujao tunaenda, mfuko una milioni moja na laki mbili. Tubebe nini, na hivi viatu mnadhani vilikwenda wapi?

Kibwengo
Vimeuzwa. Uzi ufungwe.

Dada_wa_Mbagala
@Kibwengo wewe kila uzi kitu kimeuzwa, hata ule wa kuku wanaokufa ulisema wameuzwa 😂

MamaStoo
Nimefanya kazi kituoni, nilikuwa nashika stoo, kwahiyo naomba niulize kabla sijasema kitu. Saizi za hivyo viatu mlizipata vipi?

Chachandu_ya_Ilala
@MamaStoo tulipewa orodha ya majina na umri, fundi wetu mmoja wa Kariakoo akakadiria.

MamaStoo
Basi nusu ya jibu ni hilo. Watoto wawili wa miaka tisa mmoja anavaa 32 mwingine 36, na kituoni tofauti inakuwa kubwa zaidi maana kuna waliofika wamedumaa. Mtoto akipewa kiatu mbele ya wageni 14 na simu zimeelekezwa usoni kwake hawezi kusema kinambana, atacheka, atasema asante anko. Mkishaondoka jioni ile ile wanaanza kubadilishana wenyewe, kinachobaki bila mwenyewe kinarudi stoo kinasubiri mguu ukue. Mie niliwahi kukaa na kiroba cha viatu vya namba 30 na 31 zaidi ya mwaka mzima huku wakubwa hawana. Na mtu akipita nje anaona ndala anasema mama wa stoo kala.

Kiatu cha shule usikadirie. Unaomba mlezi awasimamishe watoto jioni, kila mmoja anakanyaga karatasi ya daftari, unachora mguu kwa penseli, unaandika jina ndani ya mchoro. Unaongeza upana wa kidole gumba mbele, unakata, unaenda na makaratasi dukani unayaingiza ndani ya kiatu. Zoezi halimalizi saa moja.

Kibwengo
@MamaStoo sawa, lakini ni nusu ya watoto. Nusu nzima wamekosewa saizi?

Juma_Tandale
Mi nililelewa kituoni kuanzia darasa la pili mpaka namaliza fomu foo. Kwetu viatu vipya vilikuwa vinafungiwa. Vinatolewa wakija wageni au wakija watu wa ustawi kukagua, siku nyingine ndala. Mlezi hakuwa mwizi, alikuwa anaogopa tu kwamba mwaka ujao havitakuja vingine. Matokeo yake unatolewa kiatu kimeshakuwa kidogo. Kwahiyo sio wizi na sio saizi, ni woga.

Mwalimu_Kibaha
Nyongeza kutoka upande wa shule. Ninafundisha shule ambayo watoto wa kituo wanasoma. Viatu vinaibiwa darasani na wenzao, hasa vikiwa vipya na vinafanana vyote. Ukileta pea 38 za aina moja kutoka duka moja, mtoto hawezi hata kuthibitisha kwamba hiki ni changu. Na wengine wa darasa la sita na la saba wanauza wenyewe, buku mbili buku tatu, wanunue chipsi. Hilo nimeliona.

Dada_wa_Mbagala
Duh, sasa tunayo majibu manne na kila mtu ana ushahidi wake

Kibwengo
Na mlezi kuuza bado iko mezani, msiisahau

MamaStoo
@Kibwengo wapo wanaouza, sikatai. Ila kuna kuuza kwa aina mbili. Kuna anayeuza akajengee kwake, na kuna anayepeleka viroba vinne vya sukari kwa Mangi abadilishane na umeme, kwa sababu Desemba wageni wote wameleta sukari, na stoo yenye joto na unyevu sukari inaganda, mchele unaingia wadudu, unga unakuwa mchungu. Ninyi mkiona sukari yenu dukani mnapiga kelele, ila hakuna kikundi hata kimoja kilichokuja na LUKU.
Mtajuaje ni ipi? Muombe daftari la kupokea misaada. Kituo kinachoeleweka kina kitabu cha wageni na daftari la stoo, kilichoingia, kilichotoka, nani kasaini. Hata lile la kubadilishana limeandikwa. Mkiambiwa daftari lipo kwa mkurugenzi, na mkurugenzi kasafiri, na mwezi unaofuata bado kasafiri, hapo Kibwengo anaweza kuwa na hoja.

Kibwengo
Asante. Nimesubiri sentensi hiyo tangu juzi

Neema_wa_Moro
Jamani mi naomba kuuliza, nataka mtoto mmoja nikae nae wiki ya Pasaka, nimpikie, nimpeleke beach, nimrudishe. Nianzie wapi?

Wakili_Uchwara
@Neema_wa_Moro huu uzi ni wa kupeleka misaada dada, ila jibu fupi ni kwamba haiwezekani kumchukua tu kwa kuelewana na mlezi. Kukaa na mtoto nyumbani kwako ni malezi ya kambo, yanapitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, atakuja kuona unapoishi. Ukitaka awe wako moja kwa moja hiyo ni kuasili, inaamuliwa Mahakama Kuu. Kituo kitakachokupa mtoto wa wikiendi bila makaratasi kikimbie. Na picha vilevile, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kabisa kumpiga picha mtoto wa kituoni. Chachandu mlivunja sheria.

Juma_Tandale
@Neema_wa_Moro na sisemi kwa ubaya ila fikiria wale 37 wanaokuona unaondoka na mmoja. Kwetu kulikuwa na binti mmoja mweupe mzuri, kila mgeni anamtaka yeye, anabebwa yeye, anapewa simu achezee yeye. Usiku alikuwa anapigwa.

Neema_wa_Moro
Mh. Hilo sikuwaza. Asante

Mwalimu_Kibaha
@Wakili_Uchwara kabisa hapana. Hiyo sheria haikatazi kupiga picha, inabana kutangaza habari au picha ya mtoto kwa namna ya kumdhalilisha au kumuumiza. Kilichoongezeka ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za mtoto zinataka ridhaa ya mzazi au mlezi wake. Kwahiyo kwa Sheria ya Mtoto kupiga peke yake sio kosa, swali ni kama mlezi aliridhia na alizitupa wapi.

Wakili_Uchwara
Nimesema uchwara kwenye jina, mnataka nini zaidi 😅 Narekebisha.

Chachandu_ya_Ilala
Ziko kwenye status na kwenye grupu la kikundi. Wachangaji wetu wengine wako Oman na Marekani, wanataka kuona pesa yao imefanya nini, bila picha mwakani hawachangi.

Juma_Tandale
Wapigie picha mizigo. Piga ukurasa wa daftari uliosainiwa. Nikupe mfano, nipo fomu wani shule ya mchanganyiko, picha yangu nimeshika ndoo na sabuni ikazunguka mtaani, chini imeandikwa yatima. Mama yangu yupo hai mpaka leo, yupo Tanga, alikuwa mgonjwa tu hana uwezo. Darasani nikaitwa Ndoo mpaka namaliza. Watoto wengi wa vituoni wana mzazi au bibi sehemu, kwahiyo hilo neno muwe nalo makini, na msiwaulize wazazi wenu walikufa na nini. Kila Jumamosi tulikuwa tunaulizwa hilo swali na watu wanaotafuna.

Kamau_Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu mambo yashabadilika, tangu 2017 serikali ilisimamisha kusajili makao mapya, na kuna mkakati wa 2022 mpaka 2032 wa kurudisha watoto kwa familia. Swali langu, kama mama wa Juma alikuwa hai na shida ni uwezo, mbona hizo pesa hazikuenda Tanga? Nyinyi mnapeleka viatu kituoni, kituo kinajaa kwa sababu kina viatu.

MamaStoo
@Kamau_Nakuru una hoja, nimeona mama analeta mtoto wa tatu kwa sababu wawili wa kwanza wanasoma na wanakula vizuri. Ila wapo waliookotwa, wapo waliotolewa kwa ndugu waliokuwa wanawatesa, hao unawarudisha wapi. Na watoto 38 wa Chachandu wako pale mwezi ujao wanakula.

Kamau_Nakuru
Sijasema wasiende. Nasema muulize kituo kuna watoto wangapi wanaenda likizo kwa ndugu zao, mlipe nauli hiyo. Elfu kumi na tano ya basi inamweka mtoto na nyanya yake karibu kuliko biskuti.

Kinyozi_255
Sisi vinyozi wa mtaa wetu huwa tunaenda kunyoa bure. Hiyo nayo ni msaada, haigharimu kikundi chenu kitu, mkiwa na kinyozi mchukueni

MamaStoo
@Kinyozi_255 pole ila nyie ndio mlituletea mapunye 😂 Walikuja vijana na mashine mbili, wakanyoa vichwa thelathini mfululizo, wiki mbili baadae kila kichwa kina duara. Dawa ya kupaka haikufanya kitu, zahanati walituambia mapunye ya kichwani yanataka vidonge, na vidonge ni wiki kadhaa, watoto wote hao.

Kinyozi_255
Hao hawakuwa sisi, ila ninakubali inatokea. Utaratibu ni huu, kabla hujawasha mashine unapitia vichwa vyote. Mwenye magamba, mwenye nywele zimekatika kwenye duara, unamweka pembeni unamwambia mlezi kimya kimya ampeleke zahanati, humnyoi. Na usimtangaze. Kila ukimaliza kichwa unapiga brashi utoe nywele zote kwenye meno, ndio unapulizia spiriti, unaacha ikauke. Ukipuliza juu ya nywele umefanya kazi bure. Tunaenda na mashine nne, mbili zinakauka mbili zinanyoa, kichwa kimoja dakika kumi pamoja na usafi. Na wasichana wakubwa tunawauliza wenyewe kama wanataka kunyolewa, kuna vituo wananyoa wote kipara kwa lazima.

Dada_wa_Mbagala
Hilo la kipara kwa lazima linaniuma. Mimi na wenzangu saluni tulikuwa tunaenda kusuka, tukaambiwa shule hairuhusu, kumbe shule inaruhusu twende kilioni

Bahari_Mchafu
Nyie mnazunguka sana. Walipieni ada, elimu ndio ufunguo, kuliko sabuni

Mwalimu_Kibaha
@Bahari_Mchafu ada ipi mkuu? Shule za serikali ada ilifutwa 2016 mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafutwa cha tano na sita. Kinachowakwamisha ni sare, madaftari, nauli na chakula cha mchana shuleni. Mtoto wa kituo anakaa chini ya mti wenzake wakila kwa sababu mchango wa uji haujalipwa, na hilo ni la fedheha kuliko ndala.

Bahari_Mchafu
Sawa. Basi uji

Chachandu_ya_Ilala
Wakuu nimempigia matroni leo, nimemuuliza kama MamaStoo alivyonielekeza inbox, stoo ina nini na kitaisha lini. Kwanza alishangaa, anasema watu huwa wanamwambia tu tunakuja Jumamosi waandae watoto. Mchele na sukari vya Krismasi vipo mpaka mwezi wa nne. Hana mafuta ya kupikia, taulo za kike zimeisha, chupi na boksa ni shida, umeme. Nilipouliza viatu akacheka akasema vingine viko stoo, vingine vimepasuka, vingine hajui. Waliobaki bila kabisa ni tisa.

Kibwengo
"Vingine hajui" 👀

MamaStoo
Huyo mkweli. Ambaye angekutajia vyote 38 kimoja kimoja ndio ningemuogopa. Wasichana wanaohitaji taulo wangapi?

Chachandu_ya_Ilala
11

MamaStoo
Basi pakiti mbili kwa mwezi kila mmoja, miezi sita, pakiti 132. Kwa elfu mbili ni 264,000, jumla jumla Kariakoo mtashusha. Usilete zile za kufua mpaka umeuliza kama wana maji ya uhakika na sehemu ya kuanika, maana binti hawezi kuanika kwenye kamba moja na kaka zake akabaki na amani. Chupi na boksa mpya, tatu tatu kwa watoto 38 ni 114, weka 1,500 inakuja 171,000, na mitumba ya ndani msilete hata kama imefuliwa. Viatu tisa kwa makaratasi ya mguu, kwa 22,000 ni 198,000. Mafuta ndoo ya lita 20 tuseme kama 95,000. Umeme laki, muombeni namba ya mita mnunue wenyewe. Hapo mmefika 828,000.

Chachandu_ya_Ilala
Chakula cha siku hiyo tumetenga laki na ishirini.

MamaStoo
948,000. Inabaki 252,000, hiyo msibebe. Tumeni 84,000 mwezi wa tano, wa sita na wa nane. Stoo inakauka hapo katikati, mbali na Krismasi, na wageni wa Ramadhani na Idi mwaka huu watakuwa wameshapita.

Dada_wa_Mbagala
Swali. Wasichana wanapewa taulo, wengine 27 wanaona mizigo imeingia kwa wasichana tu, na tisa wanapata viatu wengine hawapati. Haki iko wapi hapo?

Wakili_Uchwara
Haki ni kila mtu sawasawa. Kama hela haitoshi viatu 38 basi visiende kabisa.

Juma_Tandale
Hapana. Sawasawa ndio ilikuwa inatuletea pipi mbili mbili na kila mtu yuko peku. Ila Dada ana hoja, kinachouma ni kuona. Mimi nilikuwa fomu tuu nagawiwa mdoli kwa sababu katoni ilikuwa ya midoli. Kisichotosha wote kisigawiwe hadharani, kiingie stoo mchana, matroni atoe usiku kwa mwenye uhitaji, na taulo ziende kwa matroni moja kwa moja zikiwa kwenye katoni lisilo na picha nje.

MamaStoo
Hivyo hivyo. Hadharani kiende kinacholingana kwa kila mtu, kama hicho chakula.

Mwalimu_Kibaha
Mimi nina wasiwasi na hilo la usiku. Kila kitu kikipita stoo bila kuonekana tunarudi kwa Kibwengo, watoto wenyewe hawajui walicholetewa kwahiyo hawawezi kudai. Juma, ulikuwa unajua stoo kuna nini?

Juma_Tandale
Hatukuwa tunajua. Kweli hapo sina jibu. Labda wakubwa wawili wasaini daftari pamoja na matroni.

MamaStoo
Wakubwa wakisaini wanakuwa wababe kwa wadogo, nimeiona hiyo nayo.

Kamau_Nakuru
😂 hii stoo ina siasa kuliko bunge

Chachandu_ya_Ilala
Basi la daftari tutaongea na matroni tusikie anaonaje. Sasa watu 14 tutafanya nini pale kutwa nzima kama hatugawi? Zamani tulikuwa tunaimbiwa, tunagawa, tunapiga picha, saa nane tumeondoka.

Juma_Tandale
Waambie wasiwaimbie. Sisi tulikuwa tunafanya mazoezi ya "karibuni wageni" Ijumaa nzima badala ya kufua sare. Nendeni saa nne wakiwa wamemaliza usafi, na kama wa fomu wana mitihani Jumatatu waacheni wasome. Na 14 ni wengi, nendeni saba, wengine waende mwezi wa sita.

MamaStoo
Kashoneni vyandarua. Pelekeni sindano na uzi mweupe, chandarua cha kituo kina matundu yanayopita ngumi. Mtu mwenye nguvu aangalie bomba na bawaba za milango ya choo, choo cha wasichana kisicho na komeo ni kitu cha dharura kuliko mchele. Mwingine akae na wa darasa la nne kwenye hesabu. Mkipika, pikeni nao, mboga za majani ziwepo, na muulize nani hali nini. Tulikuwa na mtoto anavimba midomo akila karanga, wageni wakaleta kashata.

Dada_wa_Mbagala
Na wale wadogo wanaokukumbatia mguu ukiingia tu, unafanyaje? Mimi huwa nalia kabisa.

MamaStoo
Unamsalimia, unakaa chini mnacheza. Usimbebe kutwa halafu jioni umwambie anti atarudi kesho. Kuna mtoto alikaa getini na begi lake siku tatu.

Kibwengo
Wengine wanafundishwa kukumbatia wageni ili wageni watoe

Juma_Tandale
Hatukufundishwa. Mtoto akikosa mtu wake anamkumbatia yeyote.

Mwalimu_Kibaha
Au walezi watatu kwa watoto 38, nani atamshika? Hata wa kwangu nyumbani akikosa mtu wa kucheza nae anamrukia mgeni.

Kibwengo
Chachandu mkienda niambie, nina drili na komeo nne zimekaa tu. Ila daftari la stoo nitaliangalia

Chachandu_ya_Ilala
Karibu, ila usimhoji matroni. @Kinyozi_255 nimekutumia inbox, una nafasi Jumamosi ya pili?

Kinyozi_255
Ipo. Muulize tu kama wana umeme siku hiyo, la sivyo nije na za kuchaji, na spiriti nabeba mwenyewe